Mapriseptor wamepata semina ya mrejesho, mbona wodini hakijabadilika kitu?

*"Nasimamia mafunzo kwa vitendo katika hospitali ya mkoa. Tunapokea wanafunzi wa stashahada ya uuguzi na ukunga, wanakaa wiki 8. Mwaka huu tuliwapeleka mapriseptor 12, yaani wauguzi wanaowasimamia wanafunzi wodini, semina ya siku 2 ya namna ya kumpa mwanafunzi mrejesho, wakarudi na vyeti. Nikipita wodini nasikia yaleyale: ama 'umejitahidi, ongeza bidii', ama mwanafunzi anafokewa mbele ya wagonjwa. Tumekosea wapi, na tuwafundishe vipi?"*

Dada, tatizo si urefu wa semina. Hata mngekaa siku 5, wangerudi wodini na yaleyale, kwa sababu semina nyingi za aina hii hufundisha maneno ya kusema, na pengo la wodini linaanza kabla ya maneno. Priseptor hakumwona mwanafunzi akifanya kazi. Aliona matokeo tu: chati imejazwa, dawa imetoka, mgonjwa analalamika. Asiyeliona tendo hana la kusema kuhusu tendo, kwa hiyo anamsema mtu: mvivu, mwepesi, ana heshima, hajiamini. Kwa sikio, "ongeza bidii" ni tamu na "hivi shuleni mnafundishwa nini?" ni chungu, lakini zote mbili zimezaliwa na mama mmoja. Aliyezitamka hakuwa na kitu mahususi mkononi.

Kumsema mtu kuna madhara yake. Mwaka 1996 watafiti wawili, Kluger na DeNisi, walikusanya tafiti nyingi kuhusu mrejesho na wakakuta kwamba katika zaidi ya theluthi moja ya matukio, mrejesho ulishusha utendaji wa waliopewa. Maelezo yao ni kwamba mrejesho ukiyavuta mawazo ya mtu kutoka kwenye kazi yakaenda kwenye nafsi yake, nguvu ya kurekebisha kazi inapotelea kwenye kujilinda. Wodini unaliona hilo kwa macho: mwanafunzi aliyefokewa anaitikia "samahani sista" haraka haraka, na zamu inayofuata anajificha chumba cha kufungashia vifaa. Hajapata habari yoyote mpya kuhusu sindano au chati. Alichojifunza ni nani wa kumkwepa. Aliyesifiwa kwa jumla naye hajui lipi arudie kesho.

Tuchukue tukio moja tulitazame kwa karibu, maana ukilielewa hili umeelewa karibu yote ya kuwafundisha hao 12.

Wodi ya wajawazito, mzunguko wa asubuhi wa kupima presha. Mwanafunzi wa mwaka wa 2 anampima mama mwenye mimba ya wiki 35 na anaandika 140 kwa 100. Priseptor amesimama kitanda cha pili, anatazama. Anaona mwanafunzi amepuliza hadi kama 150 bila kushika mshipa wa kifundo cha mkono, kisha amefungua vali yote, mshale ukateremka hadi sifuri kwa sekunde kama 10. Anarudia kipimo mwenyewe: anapapasa mshipa huku akipuliza, mapigo yanapotea karibu na 160, anaongeza 30 hadi 190, anateremsha taratibu kwa 2 kila sekunde. Anapata 164 kwa 96.

Tofauti hiyo si ya kupuuza. Kwa mjamzito, ya juu ikifika 160 presha imeingia kiwango cha hatari, na daktari anatakiwa kuitwa sasa hivi, si kwenye raundi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya priseptor ni mama. Anasema kwa sauti ya kawaida, "Ngoja tupime pamoja," anarudia, anamwita daktari, anahakikisha mama amehudumiwa. Hapo hakuna somo wala mrejesho. Wafundishe mapriseptor wako kutenganisha mambo haya mawili kabisa. Kumzuia mwanafunzi asimdhuru mgonjwa ni amri fupi, "Simama, usichome, nipe hiyo sindano," na amri haihitaji adabu nyingi. Mrejesho ni mazungumzo, na yanakuja baadaye, zamu hiyohiyo, pembeni. Kufokea mbele ya wagonjwa mara nyingi hutokana na kuyachanganya haya mawili: priseptor ameshtuka kwa ajili ya mgonjwa, akamalizia mshtuko wake juu ya mwanafunzi.

Sasa wako kwenye meza ya dawa, mama ametulia. Priseptor ana sentensi moja ya kuanzia, nayo ina vitu vitatu: nilichokiona, kwa nini kinanihusu, na swali la kweli.

"Mama wa kitanda cha 6 uliandika 140 kwa 100, mimi nimepata 164 kwa 96. Nilikuona umeishia 150 bila kushika mshipa, halafu ukafungua vali yote. Kilichonitia wasiwasi ni kwamba kwa namba yako daktari asingeitwa haraka. Hebu niambie, uliamuaje pa kuishia kupuliza?"

Kisha ananyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote, na hapo ndipo wengi huangukia. Wanauliza, wanahesabu sekunde mbili, wanajijibu wenyewe. Mwanafunzi mbele ya mkubwa wake anahitaji sekunde 7 au 8 kuamini kwamba kweli anaulizwa.

Kosa hili lililoonekana kwa macho linaweza kuwa na vyanzo vitatu tofauti kabisa. Huenda hajui: hajawahi kuelezwa kwamba ukipuliza chini ya presha halisi, sauti za mwanzo zinapita bila kusikika na ya juu inasomeka ndogo. Huenda anajua lakini kuna jambo limemzuia. Au kifaa chenyewe ni kibovu: vali imelegea na haishiki, au mshale hauanzii sifuri. Wa kwanza anahitaji maelezo. Wa pili hahitaji maelezo hata kidogo, ukimweleza unampotezea muda na anajiona amedharauliwa. Wa tatu anahitaji mashine nyingine, na wewe unahitaji kuiondoa hiyo wodini. Karipio ni dawa moja kwa magonjwa yote matatu, na halitibu hata mojawapo.

Tuseme mwanafunzi anajibu: "Mama wa kitanda cha 4 alilia kwamba mashine inambana sana. Nikaona hawa wengine nisiwapulizie juu."

Tazama palipokuwa na tatizo. Alikuwa anawahurumia. Priseptor asiyeuliza angeandika kichwani "hajali" na angekuwa amekosea kinyume kabisa. Sasa anajua la kusema, na linatosha kwa dakika moja: huruma hiyo aihifadhi, ila njia ya kumpunguzia mama maumivu ni kupuliza kwa haraka na kuacha kwenye namba sahihi, yaani 30 juu ya pale mapigo yalipopotea, asipande hadi 220 kwa kubahatisha. Ukipapasa mshipa kwanza, hupulizi chini mno wala juu mno. Na kwa nini kuteremsha taratibu? Mshale ukishuka kutoka 150 hadi sifuri kwa sekunde 10, kila sekunde unapoteza 15. Moyo wa mama unapiga karibu mara 90 kwa dakika, kwa hiyo kati ya pigo moja na jingine mshale umeshuka 10. Ya juu itasomeka chini kuliko ilivyo na ya chini itasomeka juu kuliko ilivyo, na ndivyo ilivyotokea: 100 badala ya 96. Kwa mwendo wa 2 kila sekunde, kutoka 190 hadi 96 ni sekunde 47. Mwanafunzi akiambiwa "taratibu" hajui taratibu ni kiasi gani. Akiambiwa "karibu dakika nzima" anajua.

Kisha sehemu ambayo ukiiacha, yote yaliyotangulia yanabaki hotuba. Mwanafunzi anavaa stetoskopu na kumpima priseptor mwenyewe, hapohapo mezani, akisema kwa sauti: "Mapigo yamepotea 110, naongeza hadi 140." Na wanaagana kwa jambo la saa, si la nia: "Saa 10 tunapima tena. Utaanza wewe na mama wa kitanda cha 6, nami nitasimama pembeni." Jumla ni dakika 5, wakati mwingine 4.

"Umeelewa?" ifuteni kwenye msamiati wa wodi. Jibu lake ni ndiyo siku zote. Mahali pake swali liwe "saa 10 utaanzaje?"

Kuhusu ule mtindo ambao huenda semina yenu iliufundisha, wa sifa, kisha kosa, kisha sifa tena: una faida moja, unamzuia mkali asianze na matusi. Zaidi ya hapo una kasoro. Wanafunzi wanaujua. Ukianza "unavaa vizuri, unawahi kazini," mwanafunzi hasikii, anasubiri "lakini." Na mpole naye hupunguza kosa hadi linapotea katikati ya sifa hizo mbili, mwanafunzi anaondoka akidhani amesifiwa. Sifa itolewe pale ilipo, peke yake, nayo iwe ya tendo: "Ulimweleza mama kabla ya kumfunga kitambaa, akatulia, usiache hilo." Siku nyingine mrejesho mzima unaweza kuwa hiyo sentensi moja. Hayo pia ni mafunzo, maana mengi anayoyafanya mwanafunzi kwa usahihi anayafanya kwa bahati mpaka aambiwe.

Sasa mafunzo yenyewe ya mapriseptor. Wagawe makundi mawili ya watu 6, wodi zisibaki tupu. Kila kundi saa 3 kwa siku moja, kisha kazi kubwa iwe wodini.

Saa ya kwanza ni ya macho. Wewe ukae kama mwanafunzi, umpime presha mwenzako mbele yao, na upandikize makosa: kitambaa kimefungwa juu ya nguo, mnapiga soga wakati wa kupima, hukushika mshipa, umefungua vali yote, na umeandika namba inayoishia na sifuri bila kuangalia vizuri. Wape dakika 3 waandike walichokiona, kimya, kila mtu peke yake. Wakisoma, utasikia "ana haraka," "hajiamini," "hana uelewa." Usiwasute. Kwa kila neno la namna hiyo uliza swali moja tu: "Ulimwona akifanya nini?" "Ana haraka" itageuka polepole kuwa "alifungua vali, mshale ukafika sifuri kwa sekunde 10." Rudieni zoezi kwa kazi nyingine, tuseme kuchoma sindano au kubadili kidonda. Mara ya pili orodha zao zitakuwa na matendo zaidi na hukumu chache. Mkiona hazijabadilika, msiende mbele, rudieni tena. Priseptor ambaye hajavuka hapa, mazungumzo yake yote yatakuwa ya hewani.

Saa ya pili na ya tatu, wakae watatu watatu: mmoja priseptor, mmoja mwanafunzi, mmoja mtazamaji. Anayeigiza mwanafunzi unampa kikaratasi cha siri chenye chanzo cha kosa: "hujui," au "unajua ila uliogopa kumuumiza," au "mashine inavuja na uliona aibu kusema." Priseptor ana dakika 4. Akimaliza, anataja chanzo alichokigundua na kikaratasi kinafunuliwa. Hakuna hotuba inayofundisha kuuliza kama aibu ndogo ya kukuta umetoa maelezo mazuri ya dakika 3 kwa tatizo ambalo halikuwepo. Mtazamaji ana kazi tatu tu: nani alizungumza zaidi, maswali mangapi yaliachwa yajibiwe, na je, mwanafunzi alitaja kwa maneno yake atakachofanya na saa ngapi. Dakika 3 za maoni, anayeigiza mwanafunzi akianza. Halafu, na hapa semina nyingi hukata kona kwa sababu ya muda, priseptor yuleyule anarudia mazungumzo yaleyale tangu mwanzo. Bila kurudia amesikia maoni tu, hajafanya mazoezi. Bora wahudhurie wachache na wote warudie kuliko ukumbi ujae na warudie wawili.

Kisha wodini. Katika wiki 3 za kwanza, simama karibu na kila priseptor mara 2 anapozungumza na mwanafunzi. Watu 12, mara 2, dakika 10 kila mara: ni saa 4 kwa wiki 3. Mwombe ruhusa, simama nyuma, usiingilie. Wanafunzi wakiondoka, mpe priseptor mrejesho kwa muundo uleule: nilichokiona, kwa nini kinanihusu, swali. "Ulimuuliza kwa nini aliishia 150, kisha ukajibu kabla yake. Nilitaka nisikie sababu yake. Ulikuwa unawaza nini pale?" Priseptor ataiga jinsi anavyotendewa kuliko alivyofundishwa. Ukimkaripia kwa kukaripia, umemfundisha kukaripia. Na msirekodi kwa simu mahali penye wagonjwa, hata kama nia ni ya mafunzo.

Kuna mambo mawili ya mpangilio yatakayoyaua haya yote yasipoguswa. La kwanza ni logibuku, yaani daftari ambamo kila tendo la mwanafunzi husainiwa. Zikisainiwa kwa mkupuo wiki ya mwisho, kurasa 15 kwa dakika 10, mwanafunzi ana kila sababu ya kukusanya saini na hana sababu ya kutafuta mrejesho. Kubalianeni kwamba saini inatolewa siku ya tendo, na pembeni yake priseptor anaandika maneno machache ya tendo: "ashike mshipa kabla ya kupuliza." Mwenzake wa zamu ya usiku akifungua, anajua pa kuangalia. Alama za tathmini nazo zitolewe siku nyingine na mazungumzo mengine. Mwanafunzi akijua kwamba sababu anayoitaja itapunguza alama zake, hatakwambia aliwahurumia wala kwamba mashine inavuja. Atasema alisahau.

La pili ni ratiba. Mwanafunzi ambaye leo yuko na huyu, kesho na yule, hana anayejua alichokosea jana. Jina la priseptor liandikwe kwenye ratiba pamoja na la mwanafunzi, angalau kwa wiki 2 mfululizo, na wanafunzi wasizidi 2 au 3 kwa priseptor. Muuguzi aliye peke yake na wagonjwa 30 hawezi kutazama zamu nzima, na msimwombe hivyo. Achague tendo moja kwa zamu, atangaze mapema: "Leo nitakutazama kwenye dawa za saa 6." Mara 3 kwa wiki, kwa wiki 8, ni mazungumzo 24 kwa kila mwanafunzi. Kama hata hilo haliwezekani, ongea na patroni au matroni kuhusu idadi ya wanafunzi mnaowapokea kabla ya kuandaa semina nyingine. Mafunzo hayazalishi wauguzi wasiokuwepo.

Msitegemee kwamba wote 12 watabadilika. Wale wapole wa "ongeza bidii" kwa kawaida husogea haraka, walikosa tu cha kusema. Mkali ambaye tabia yake ni ya miaka mingi atahitaji kutazamwa zaidi ya mara 2, na wengine ni wauguzi hodari ambao hawapendi kufundisha. Hao waondoeni kwenye orodha bila kuwavunjia heshima. Anayetukana, anayemgusa mwanafunzi isivyofaa au anayedai chochote ili asaini, huyo hahitaji mafunzo ya mrejesho. Suala lake linakwenda kwa uongozi wa hospitali na wa chuo siku hiyohiyo, kwa maandishi.

Upande wa mwanafunzi, kosa lilelile la hatari likijirudia baada ya kutazamwa na kuzungumzwa mara 3, msiendelee wenyewe. Mwiteni tyuta wake, mwalimu wake wa chuoni, aje wodini, mkae watatu ana kwa ana, muandike mpango wenye tarehe. Kabla ya kikao hicho angalieni sababu zisizo za kimasomo: analala wapi, anakula nini, amefiwa, analia chooni. Na yule ambaye anashika mshipa vizuri, anapuliza vizuri, anateremsha taratibu, ila namba zake bado hazilingani na zako siku baada ya siku, mbadilishieni kwanza stetoskopu. Zikibaki vilevile, mpelekeni akapimwe masikio kabla hamjaandika kwamba hafundishiki.